Umerudi Google One baada ya kukatisha: bei si ile, barua hazionekani, WhatsApp imerudi ya zamani

Anayekatisha Google One, ile nafasi ya kuhifadhi ya kulipia ya Google, haoni shida siku ya kwanza. Picha zinafunguka, faili za Drive zipo, na ile pesa ya kila mwezi haikatwi tena. Shida huja baadaye, siku Gmail inapokataa kutuma barua ya maombi ya kazi au WhatsApp inaposema bakapu imeshindikana. Hapo mtu anarudi, analipa, halafu anakuta mambo hayakurudi yote. Bei ni nyingine, kuna barua za miezi mitatu ambazo hazipo, na meseji zilizorudi kwenye simu mpya ni za zamani.

Mengi yanaeleweka ukishajua kitu kimoja: malipo yanarudisha nafasi, hayarudishi kilichokataliwa mlangoni wakati nafasi haikuwepo. Kilichokuwa ndani kabla hujakatisha kwa kawaida bado kipo. Kilichojaribu kuingia wakati umejaa, kila kimoja kina njia yake ya kutafutwa, na vingine havipatikani tena.

Kwanza jua uliondokaje

Kabla hujabonyeza kitufe chochote cha kulipa, fungua Play Store, bonyeza picha yako ya wasifu, ingia "Payments & subscriptions" kisha "Subscriptions". Kwenye kompyuta ni hapa:

```
play.google.com/store/account/subscriptions
```

Utakuta hali moja kati ya tatu, na bei utakayolipa inategemea ni ipi.

Hali ya kwanza ni kwamba umekatisha lakini muda uliolipia haujaisha. Kukatisha hakufungi huduma siku ile ile, kunazuia tu malipo yajayo. Kama ulilipa tarehe 10 na ukakatisha tarehe 14, una nafasi yako hadi tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Katika siku hizo, kurudi ni kufuta ule uamuzi wa kukatisha, basi. Usajili ni ule ule, bei ni ile ile, na tarehe ya kulipa haibadiliki. Kama unasoma haya ukiwa katika hali hii, rudi leo, usisubiri muda uishe.

Ya pili huwachanganya wengi, kwa sababu mtu hajakatisha chochote. Kadi haikuwa na salio, au ile kadi ya Visa ya kwenye mtandao wa pesa za simu imeisha muda, na malipo yakagoma. Play hutoa kwanza muda wa neema, kisha husimamisha usajili bila kuufuta. Ukiongeza salio au ukabadilisha njia ya malipo katika kipindi hiki, usajili wako wa zamani unaendelea. Tofauti ni ndogo: ukilipa ndani ya muda wa neema, tarehe ya malipo inabaki ile ile, ukilipa baada ya kusimamishwa, tarehe mpya ni siku uliyolipa. Kosa linalofanyika hapa ni kudhani usajili umekufa, kuufuta kwa mkono, na kuanza upya. Ukishafanya hivyo umeingia hali ya tatu kwa hiari yako.

Hali ya tatu ni usajili ulioisha kabisa. Play inaweza kuuonyesha bado kwenye orodha, chini, pamoja na kitufe cha "Resubscribe", na kwa kuwa umeandikwa jina lile lile mtu anafikiri anaendeleza ule wa zamani. Kumbe ni ununuzi mpya, kwa bei ya leo.

Dalili: bei imepanda kuliko nilivyokuwa nalipa

Ukiwa katika hali ya tatu, kuna sababu nne, na ni rahisi kuzitofautisha.

Iliyo ya kawaida kuliko zote haihusiani na kupanda kwa bei. Ulikuwa unalipa kwa mwaka, sasa umebonyeza kifurushi cha mwezi. Google huuza mwaka kwa nafuu ya kama miezi miwili. Mfano wa Marekani, ambako GB 100 zimeuzwa kwa muda mrefu dola 1.99 kwa mwezi au dola 19.99 kwa mwaka: ukilipa mwezi kwa mwezi unafika dola 23.88. Tafuta risiti ya zamani kwenye Gmail uone kama ilisema mwezi au mwaka kabla hujalalamika:

```
from:googleplay-noreply@google.com "Google One"
```

Sababu ya pili ni punguzo la mwanzo. Ofa za miezi ya kwanza mara nyingi ni za asiyewahi kuwa mteja. Akaunti yako ilishawahi, kwa hiyo haioni ofa hiyo hata kama rafiki yako anaiona kwenye simu yake. Si hitilafu, na kufuta programu na kuiweka upya hakusaidii, maana rekodi iko kwenye akaunti, haiko kwenye simu.

Ya tatu ndiyo bei ya zamani iliyolindwa. Katika Play, mwenye programu anapopandisha bei anaweza kuwaacha wateja waliopo kwenye bei yao ya zamani na kuwatoza ya juu wapya peke yao. Ulinzi huo unashikamana na usajili hai. Ukiisha, ulinzi umeisha, na hakuna wa kumpigia simu aurudishe. Huduma nyingine zinafanya hivyo hivyo na kifurushi kizima: mwaka 2023 Netflix iliacha kuuza kifurushi cha Basic kule Marekani na Uingereza kwa wateja wapya na kwa wanaorudi, huku waliokuwa nacho wakiendelea nacho kwa wakati huo. Aliyekatisha wakati wa likizo akirudi Septemba hakukikuta tena. Kwa hiyo kama unajua uko kwenye bei ya zamani na unataka kupumzika mwezi mmoja, piga hesabu ya unachookoa mwezi huo dhidi ya nyongeza utakayolipa kila mwezi ukirudi. Mara nyingi mapumziko hayo ni hasara.

Ya mwisho ni nchi. Bei ya Play inafuata nchi ya wasifu wako wa malipo, haifuati mahali ulipozaliwa. Mtu aliyekatisha akiwa Mombasa na kurudi akiwa Maskati, ikiwa amehamisha nchi ya Play, ataona bei na sarafu nyingine. Nchi hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo usiibadilishe kwa ajili ya kutafuta bei nafuu ukadhani utarudi wiki ijayo.

Dalili: nimelipa, bado naonyeshwa GB 15

Angalia ni akaunti ipi iliyolipiwa. Simu nyingi zina akaunti mbili au tatu za Google: ya kazini, ya binafsi, na ile iliyofunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa. Play hulipia akaunti iliyofunguliwa kwenye Play wakati huo, na hiyo inaweza isiwe akaunti yenye picha zako. Fungua `one.google.com/storage` kwa kila akaunti, moja baada ya nyingine, utaona iliyopewa nafasi. Ikiwa ni isiyo yenyewe, omba kurudishiwa pesa mara moja kupitia Play. Ndani ya saa 48 za ununuzi uwezekano ni mkubwa zaidi.

Kama akaunti ni sahihi, subiri. Kwa kawaida ni dakika chache, ila mpe siku nzima kabla ya kuwaandikia wahudumu.

Kuna pia aliyekuwa analipia kupitia iPhone zamani na sasa yuko Android. Usajili wa Apple hausimamiwi na Play, na Play haiwezi kuufuta. Hakikisha wa zamani umekatishwa kule Apple kweli, la sivyo utakatwa sehemu mbili.

Dalili: barua pepe za miezi ile hazipo

Hapa ndipo pana maumivu, kwa hiyo tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Tuseme ni mshonaji wa Tanga. Picha zake ni GB 24, Gmail GB 5, Drive GB 3, na bakapu ya WhatsApp GB 8. Jumla GB 40. Alikuwa na kifurushi cha GB 100, kikaisha tarehe 10 Machi 2025, na hakukirudisha hadi tarehe 20 Juni. Akaunti ya bure ina GB 15, na GB hizo zinagawanwa na Gmail, Drive na Photos pamoja. Bakapu ya WhatsApp ya Android nayo siku hizi inahesabiwa humo humo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu alikuwa amezidi kwa GB 25.

Akaunti iliyozidi haifutwi papo hapo. Google inasema inaweza kufuta vilivyomo ikiwa umekaa juu ya kiwango kwa miaka miwili, na inatoa taarifa angalau miezi mitatu kabla. Kwa hiyo mshonaji wetu hajapoteza barua hata moja ya kabla ya Machi. Lakini Gmail iliyozidi haipokei. Anayemwandikia anarudishiwa ujumbe wake wenye maneno kama haya:

```
452 4.2.2 The recipient's inbox is out of storage space.
```

Namba ile ya 4 mwanzoni ina maana kubwa. Ni kukataliwa kwa muda. Seva ya mtumaji inaambiwa ijaribu tena, na kwa desturi seva huendelea kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa na kumwambia mtumaji barua haikufika. Kutokana na hilo, barua alizotumiwa mshonaji kati ya tarehe 16 na 20 Juni zina nafasi ya kuingia zenyewe baada ya kulipa, saa kadhaa au siku moja mbele. Asianze kuwasumbua waliomwandikia juzi. Zilizotumwa Aprili na Mei hazipo popote ndani ya Google. Hazikuwahi kuhifadhiwa, kwa hiyo hakuna wa kuzirejesha, hata mhudumu awe na moyo mwema namna gani.

Kazi yake ni kulijua pengo lilipoanzia na lilipoishia. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail aandike:

```
in:anywhere after:2025/3/9 before:2025/6/22
```

Maneno `in:anywhere` yanajumuisha pia taka na barua chafu, ili asiite pengo kitu ambacho kimejificha tu. Barua ya mwisho kabla ya ukimya ndiyo mwanzo wa pengo. Pengo halianzi lazima siku ile kifurushi kilipoisha, ndiyo maana ni vizuri kulitazama badala ya kulikisia.

Kisha aorodheshe waliokuwa wakimwandikia kila mwezi kabla ya hapo. Wateja wa kawaida atawaomba watume tena, na hao si tatizo. Tatizo ni watumaji wa mitambo: taarifa ya benki, bili, cheti cha bima, barua za shule ya mtoto. Mifumo mingi ya kutuma barua kwa wingi ikirudishiwa barua mara kadhaa huiweka anwani yako kwenye orodha ya wasiotumiwa, na haikutoi humo kwa sababu tu umelipa Google One. Dalili yake ni hii: mwezi wa Julai umefika, sanduku lina nafasi tele, marafiki wanaandika na barua zinaingia, lakini taarifa ya benki haiji. Hapo ingia kwenye akaunti yako ya huduma hiyo, thibitisha barua pepe upya, au ubadilishe kwenda anwani nyingine na kurudi. Pasipo na sehemu hiyo, piga simu uwaambie anwani yako ilirudisha barua na sasa iko sawa. Ukisema hivyo hivyo, "anwani ilirudisha barua", mtu wa huduma kwa wateja anajua pa kuangalia.

Na usisahau ulizojaribu kutuma wewe. Gmail iliyozidi haitumi pia. Angalia Drafts na Outbox kwenye simu, maana kuna barua unaamini ulishajibu kumbe imelala humo tangu Aprili. Kabla ya kuituma, isome. Nukuu ya bei ya nguo uliyoandika Aprili inaweza isiwe bei yako leo.

Dalili: WhatsApp inaleta bakapu ya tarehe ya zamani

Mshonaji wetu alirudi Google One kwa sababu amenunua simu mpya na anataka kuhamisha meseji. Anaweka namba, WhatsApp inamwambia imepata bakapu, na tarehe inayoonekana ni 9 Machi. Miezi mitatu ya oda za wateja haimo.

Sababu ni ile ile. Bakapu ya mwisho iliyopata nafasi ni ya siku moja kabla ya kifurushi kuisha. Baada ya hapo kila usiku ilijaribu ikashindwa. Kulipa leo hakuitengenezi bakapu ya Aprili. Kunaruhusu tu bakapu mpya kufanyika kutoka kwenye simu yenye meseji.

Akiona tarehe hiyo, asibonyeze chochote kwenye simu mpya. Asikubali kurejesha, na wala asiruke. WhatsApp haina njia ya kuunganisha historia mbili, kwa hiyo akirejesha ya Machi na kuanza kupokea meseji mpya juu yake, itabidi baadaye achague mojawapo. Na kwenye Google bakapu hukaa moja tu: ikifanyika mpya, ya zamani imefunikwa. Akiruka na simu mpya ikajifanyia bakapu usiku, hata ile ya Machi imekwenda.

Simu ya zamani ikiwa nzima, njia ni nyepesi. Aithibitishe namba kwenye simu ya zamani tena, aingie Settings, Chats, Chat backup, aangalie kwamba akaunti ya Google iliyoandikwa pale ndiyo aliyoilipia, abonyeze "Back up". Asubiri mpaka aione tarehe ya leo kwenye mstari wa Google, maana kuna tarehe mbili pale: ya simu yenyewe na ya Google. Watu huona ile ya simu wakaridhika. Ikishabadilika ya Google, ndipo arudi kwenye simu mpya na kurejesha. Ajue kwamba kuthibitisha namba mara nyingi kwa muda mfupi hufanya WhatsApp imwambie asubiri saa kadhaa kabla ya kutumiwa msimbo mwingine, kwa hiyo asifanye mchezo wa kwenda na kurudi.

Na tena, kama shida yako ni hii peke yake na simu zote mbili ni za Android, hukuhitaji kulipa kabisa. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina "Transfer chats" ndani ya Settings, Chats. Unaiwasha simu ya zamani, unapiga picha ya msimbo wa QR, meseji zinahama simu hadi simu bila kupita Google.

Simu ya zamani ikiwa kioo kimevunjika lakini bado inawaka na kompyuta inaiona, kuna bakapu ya ndani. WhatsApp huweka kwenye simu yenyewe nakala za siku saba zilizopita, katika folda hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Nakili folda nzima ya WhatsApp kwenda mahali hapo hapo kwenye simu mpya kabla ya kuithibitisha namba. Faili isiyo na tarehe, `msgstore.db.crypt14`, ndiyo ya karibuni kabisa. Ukitaka ya siku ya nyuma, ibadilishe jina, mfano `msgstore-2025-06-18.1.db.crypt14` iwe `msgstore.db.crypt14`. Kama mwisho wake ni crypt15 uache hivyo hivyo. Namba hiyo haibadilishwi. Namba ya simu lazima iwe ile ile, kwa kuwa faili imefungwa na ufunguo unaopatikana kwa kuthibitisha namba. Na ili WhatsApp isikimbilie bakapu ya Machi kwenye Google, weka simu mpya bila akaunti ya Google mpaka urejeshaji wa ndani uishe.

Simu ikiwa imeibwa, kilichobaki ni cha 9 Machi. Irejeshe hiyo, na oda za katikati utaziomba kwa wateja wenyewe. Kwao meseji zipo.

Dalili: picha za kipindi kile hazionekani kwenye Photos

Zipo kwenye simu tu. Ukirudisha nafasi, Photos huendelea kupandisha yenyewe mradi akaunti na mpangilio wa bakapu havijabadilika. Bonyeza picha ya wasifu ndani ya Photos, utaona idadi iliyobaki. Angalizo ni la bando: miezi mitatu ya picha na video inaweza kuwa GB nyingi, na ukiwa umeruhusu kupandisha kwa data ya simu itamaliza bando la wiki kwa asubuhi moja. Ndani ya mipangilio ya Backup kuna "Mobile data usage". Zima, au weka kikomo cha siku, kazi kubwa ifanyike kwenye Wi-Fi. Hapo hapo angalia ubora uliochaguliwa. Ukiiwasha bakapu upya na kuchagua Storage saver, picha zinapunguzwa ubora na nakala ya Google haiwezi kurudi kuwa ya asili.

Waliopata hasara ya kweli ni wale waliofuta kwa hasira ili washuke chini ya GB 15. Kufuta ndani ya Photos kunaondoa picha kwenye Google na kwenye simu pia, na wengi walidhani wanafuta upande mmoja. Picha iliyokuwa imepandishwa hukaa kwenye Trash siku 60, isiyopandishwa siku 30; barua za Gmail na faili za Drive ni siku 30. Kwa mshonaji anayerudi tarehe 20 Juni, picha alizofuta mwishoni mwa Aprili bado anaweza kuziokoa, na za Machi hapana. Kwa hiyo Trash ndiyo sehemu ya kwanza kufungua baada ya kulipa, kabla hata ya barua, kwa sababu humo muda unaenda. Ukiwa uliimwaga mwenyewe ili nafasi ipatikane, hakuna cha kusubiri humo.

Bakapu ya mipangilio ya simu, ile inayorudisha programu na namba, ina saa yake nyingine. Simu isipotumika siku 57 bakapu yake inaweza kufutwa. Simu iliyokaa kabatini tangu Machi usitegemee kuikuta kwenye orodha.

Dalili: mimi nimerudi, mke wangu na wadogo zangu bado wamejaa

Kikundi cha familia hakifi kifurushi kinapoisha, lakini kushirikishana nafasi ni kitufe chake. Fungua Google One, mipangilio ya familia, hakikisha kushirikisha kumewashwa kwenye usajili huu mpya. Kila mwanafamilia alikuwa na pengo lake mwenyewe wakati huo, kwa hiyo kila mmoja atafute kwenye Gmail yake, apitie Trash yake na bakapu yake ya WhatsApp. Wewe huwezi kuyaona.

Kama mdogo wako alijitoa akaingia kikundi cha rafiki yake ili apate nafasi, usishangae mwaliko wako ukigoma. Kuhama kikundi cha familia kunaruhusiwa mara moja tu katika miezi 12. Mpaka muda huo uishe, atabaki kwenye kikundi alichomo au alipie kifurushi chake mwenyewe.